YouTube wameniandikia kwa Kiarabu, naona "siku 7". Je, chaneli yafungwa?

KameraKisauni
Asalaam aleikum jama. Mie napiga video za harusi, niko Kisauni. Akaunti ya chaneli niliifungua kwa simu aliyoniletea dadangu kutoka Muscat, na tangu hapo kila kitu cha YouTube huja kwa Kiarabu. Sikujali, maana vitufe navijua kwa mahali pake. Jumamosi zimeingia imeli mbili. Herufi nazisoma, madrasa tumekwenda, lakini maana sipati. Ya kwanza ni ya video ya harusi ya Mtopanga, ya pili ni ya kesha la Majengo. Katika hiyo ya pili naona saba ya Kiarabu na neno "ayyam", yaani siku. Jirani kaniambia nimepewa wiki moja kisha chaneli yafungwa. Kuna video za wateja wa miaka mitatu mle ndani, na wengine hawana nakala nyingine. Nisaidieni kabla wiki haijakatika.

Dijei_Likoni
Pole bro. Dawa yake ni moja: futa hizo video zote mbili sasa hivi. Ukifuta, kesi haina mwili. Mie nilifanya hivyo mwaka jana na mambo yakaisha.

Mhariri_Tudor
Ngoja usifute kitu. Dijei, wewe yawezekana ulikuwa na dai, na dai ukifuta video laondoka nayo. Lakini kama huyu ameshapigwa onyo la hakimiliki, kufuta hakumsaidii. Onyo hubaki kwenye chaneli siku 90 hata video haipo, na atakuwa amepoteza video bure.

Kamera, kwanza tujue una nini. Hizo imeli mbili huenda si za jambo moja. Mambo yenyewe ni haya. Kuna dai la Content ID: mashine ya YouTube imelinganisha sauti yako na nyimbo walizowasilisha wenye mali, ikakuta inafanana. Hilo halihesabiwi dhidi ya chaneli. Kisha kuna ombi la kuondoa video, ambalo mtu au kampuni imejaza fomu ya kisheria ikitaja video yako. Hilo ndilo huzaa onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 ndiyo yanayoweza kufungisha chaneli.

Kwa vile wasoma herufi, rudi kwenye imeli uangalie kichwa cha habari na mistari ya juu. Ukiona "mutalaba" ni dai. Ukiona "indhar", hiyo ni indhari yetu hii hii, basi ni onyo. Tuambie ipi ina lipi.

KameraKisauni
Ya Mtopanga ina "mutalaba", mara mbili. Na mwahali pamoja yasema "indhar" pia! Ndipo moyo uliponiruka. Ya Majengo sioni vizuri, ndefu sana, ina jina la mtu na imeli yake, na maneno mengine ya Kiingereza katikati.

Ustadh_Bondeni
Ndugu yangu, hiyo "indhar" ya barua ya kwanza tazama kabla yake pana nini. Kama pana "laysa" au "lam", ni kukanusha: hilo si onyo. Tubandikie mstari.

KameraKisauni
Ipo "laysa", ustadh. Wallahi ipo.

Ustadh_Bondeni
Basi barua yenyewe yakwambia huna onyo kwa video hiyo. Soma kwa utulivu.

Mhariri_Tudor
Shukran ustadh. Barua za dai huwa na sentensi hiyo karibu kila mara, na ndiyo inayotisha watu, kwa sababu jicho laona neno onyo tu.

Sasa tuache kubahatisha kwa imeli. Imeli ikishatumwa haibadiliki lugha, lakini maelezo yale yale yako ndani ya YouTube Studio, na huko lugha unaibadilisha mwenyewe. Usitumie apu. Ingia kwa kompyuta, hata kwa sabakafe, lakini ukitoka ufunge akaunti. Fungua youtube.com. Kwa kuwa iko kwa Kiarabu, ukurasa mzima umegeuka, kwa hiyo picha yako iko juu kushoto, siyo kulia. Ibofye, shuka chini hadi utakapoona alama yenye herufi A na herufi ya Kichina ubavuni. Hiyo ndiyo Lugha. Kila lugha imeandikwa kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo Kiswahili utakiona kimeandikwa Kiswahili na Kiingereza kimeandikwa English. Chagua English kwa leo ili tuelewane majina ya vitufe, baadaye urudi Kiswahili.

Kisha nenda studio.youtube.com. Tazama ukurasa wa kwanza kabla hujabofya kitu. Chaneli yenye onyo huwekewa kadi hapo ikitaja onyo hilo. Halafu ingia Content, tafuta safu ya Restrictions, weka kishale juu ya neno Copyright kwenye video ya Majengo, bofya See details. Tuletee unachokiona.

MamaPilau_Nyali
Samahani kuingilia. Mimi ni wa mapishi, sina muziki kabisa. Nami niliandikiwa video imeondolewa, mtoto wangu akasema ni hakimiliki. Ilikuwa video ya kukaanga viazi karai na mwanangu mdogo akiwa karibu na jiko. Nimehangaika kumtafuta mwenye wimbo wakati hakuna wimbo!

Mhariri_Tudor
Mama, yako siyo hakimiliki, hiyo ni kanuni za jumuiya. Huko hakuna mtu wa kumtafuta, kwani ni YouTube wenyewe walioona mtoto karibu na moto. Mara ya kwanza mara nyingi hupewa tahadhari, siyo onyo. Baada ya hapo onyo la kwanza hukuzuia kuweka video kwa wiki moja. Kutambua ni rahisi: barua ya hakimiliki itataja mtu au kampuni inayodai. Ya kanuni haina mdai, itataja sera. Kukata rufaa ni ndani ya Studio, kwenye video hiyo hiyo.

MamaPilau_Nyali
Alaa! Na nimemwandikia mtu asiyehusika. Ahsante mwanangu.

Shabiki_wa_Sheria
Kamera, usitishwe na Wamarekani. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ikarekebishwa 2019, na ndani yake mna utaratibu wa notisi za kuondoa maudhui. Peleka malalamiko kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Tena kama ukumbi ulikuwa na leseni ya muziki, umefunikwa.

Mhariri_Tudor
Sheria uliyoitaja ipo kweli, na KECOBO ni mahali pazuri ikiwa mmefikia kugombania nani mwenye wimbo. Lakini barua ya YouTube imejengwa juu ya sheria ya Marekani ya 1998, ile DMCA, na siku zilizomo zinahesabiwa kwa utaratibu huo. Ukisubiri bodi ikujibu, siku za barua zinaendelea kwisha. Na leseni ya ukumbi ni ya kupiga muziki mbele ya watu pale ukumbini. Haimpi mpiga video haki ya kuuweka wimbo mtandaoni.

KameraKisauni
Nimerudi. Nimekaa sabakafe ya Bombolulu na mpwa wangu wa kidato cha tatu.

Ukurasa wa kwanza wa Studio hauna kadi yoyote ya onyo. Nimeutazama mara mbili.

Mtopanga: kuna dai la wimbo mmoja, unaanza dakika ya 14 sekunde 20 mpaka dakika ya 17 sekunde 45. Ni ule walioingilia bibi harusi, kutoka kwa dijei. Video inaonekana, imeandikwa tu kwamba mwenye wimbo aweza kuweka matangazo. Mie mwenyewe sijafikia kulipwa na YouTube.

Majengo: mpwa kasoma, asema kuna ombi la kuondoa video lakini limepangiwa muda, na video itaondolewa baada ya siku 7. Bado inacheza. Mdai ni meneja wa kikundi cha taarab kilichopiga usiku ule. Sehemu ya maelezo yake kaandika Kiingereza: kikundi kizima kimerekodiwa nyimbo tatu bila idhini. Nilipokuwa kwenye Kiarabu maelezo hayo yalikuwa Kiingereza vilevile.

Mhariri_Tudor
Maelezo ya mdai hayabadiliki kwa sababu YouTube hutafsiri maneno yake yenyewe tu. Alichoandika mdai hubaki kama alivyokiandika. Kwa hiyo barua moja yaweza kuwa na lugha mbili, na hapo ndipo watu huchanganya: hudhani ya chini ni matangazo au ulaghai, wakaruka. Kumbe ndipo penye sababu.

Sasa tumepata jibu la saba yako. Hiyo siyo wiki ya kufunga chaneli. Mdai alipojaza fomu alipewa njia mbili: video iondoke papo hapo, au apewe mwenye chaneli siku saba kwanza. Meneja huyu amekuchagulia siku saba. Maana yake, ukiifuta video mwenyewe kabla hazijaisha, hupigwi onyo. Zikipita bila wewe kufanya kitu, YouTube wanaiondoa na onyo linaingia, lile la siku 90.

Dijei_Likoni
Kwa hiyo FUTA niliyosema ndiyo yenyewe. Andikeni jina langu kwa dhahabu.

Mhariri_Tudor
Haya dijei, kwa Majengo umepatia. Kwa Mtopanga ungemharibia kazi bure. Na angekuwa ameshapigwa onyo ungemharibia zaidi.

KameraKisauni
Alhamdulillahi. Lakini kuna shida. Familia ya bwana harusi iko Muscat, na linki ya Majengo ndiyo wanayoitazama. Nikiiweka faragha, watu wasiione isipokuwa wao, si itatosha? Na halafu, kikundi kililipwa na wenye harusi. Mie niliitwa na wenye harusi hao hao. Kosa langu lipi?

Mhariri_Tudor
Kuficha si kufuta. Video ya faragha bado iko kwenye chaneli yako, na ombi limeitaja video yenyewe. Kinachokuepusha na onyo ni kuifuta.

Hiyo ya malipo sina jibu la moja kwa moja. Kikundi kililipwa kupiga usiku ule. Kama malipo yaliingiza na ruhusa ya kurekodi na kuweka mtandaoni, hilo ni la mapatano yao na wenye harusi. Je, kuna karatasi?

KameraKisauni
Karatasi ya kesha? Walipeana mkono tu, na bahasha.

Shabiki_wa_Sheria
Basi mpige ngumi kwa kanusho! Kuna fomu ya kupinga, ukijaza yule mdai ana siku 10 za kazi aonyeshe amekwenda mahakamani, asipoonyesha video yarudi. Nani atakwenda kortini kwa ajili ya kesha la Majengo?

Mhariri_Tudor
Siku 10 za kazi ni kweli, zinahesabiwa kwa kalenda ya Marekani. Lakini soma kilichomo kwenye fomu, na hapa lugha ni hatari hasa, kwa sababu mtu hubofya visanduku asivyovielewa. Unaapa, ukijua kudanganya ni kosa la jinai, kwamba waamini video iliondolewa kwa makosa au kwa kufananishwa visivyo. Unakubali kesi ikiwepo isikilizwe katika mahakama ya Marekani. Na unatoa jina lako kamili, anwani na simu, ambavyo mdai hupelekewa. Mtu ambaye hana karatasi, na anajua zile nyimbo ni za kikundi kile kile kinachodai, ataapa nini? Wala fomu hiyo haitumiki sasa, maana ni ya video iliyokwisha kuondolewa. Yaani ili aitumie lazima kwanza aache onyo limpate.

Isingekuwa hivyo kama mdai angekuwa mgeni aliyedai sauti isiyo yake. Hapo kanusho lina maana.

Zuhura_Mwembetayari
Mimi nasema mpigie meneja. Mombasa ni ndogo. Mtu aliyekupa siku saba badala ya kukukata papo hapo ni mtu wa kuzungumza naye. Imeli yake umeona iko kwenye barua.

KameraKisauni
Nimwandikie vipi? Kiingereza changu ni cha kuuza picha kwa watalii Fort Jesus.

Mhariri_Tudor
Mwandikie Kiswahili, ni mwenzenu. Kisiwe kirefu, na usianze na lawama. Kitu kama hiki:

"Asalaam aleikum. Mimi ndiye mwenye chaneli iliyoweka video ya kesha la Majengo, ambayo umeiombea iondolewe. Nililetwa na wenye harusi. Naomba mojawapo: uniruhusu iendelee kuwepo na jina la kikundi chenu na linki yenu juu ya maelezo, au nizitoe nyimbo zenu tatu niweke upya sehemu iliyobaki. Ukikubali la kwanza, naomba ulifute ombi lako kabla siku saba hazijaisha. Usiponijibu hadi Alhamisi usiku, nitaiondoa mwenyewe."

Weka na linki ya video yenyewe, asitafute. Na hiyo Alhamisi naihesabu hivi: barua imeingia Jumamosi, leo Jumanne, ukingoja mpaka Ijumaa usiku unacheza na saa za huko Marekani. Kwenye Studio tarehe ya mwisho imeandikwa, ifuate hiyo. Ukifika Alhamisi hakuna jibu, shusha nakala ya video kama huna ya asili, kisha futa.

KameraKisauni
Ya asili ninayo kwa diski. Nimeshatuma. Na Mtopanga je?

Mhariri_Tudor
Mtopanga iache. Video inaonekana, hulipwi, hakuna linalokupungukia. Ingekuwa imezuiwa huko waliko wanaoitazama, ningekwambia ubofye Select action ukaunyamazishe wimbo ule au uukate. Linki hubaki ile ile na watu waliotazama hawapotei, ila ukikata wimbo wakati bibi harusi aingia, mteja atakuja dukani kwako.

Dijei_Likoni
Si aupinge tu? Ule wimbo nimepiga mie, nimeuchanganya mwenyewe na mdundo wangu.

Mhariri_Tudor
Dijei, kuchanganya hakuufanyi wako. Akipinga, mwenye wimbo ana siku 30 za kujibu. Akikataa na Kamera akikata rufaa, mwenye wimbo aweza kugeuza dai kuwa ombi la kuondoa, na hapo ndipo onyo lazaliwa kutoka kwenye kitu ambacho hakikuwa na madhara. Pinga pale una ruhusa mkononi au mashine imekosea kweli, kwa mfano imeisikia sauti ya adhana au ngoma ya kienyeji ikadhani ni wimbo wa mtu.

Mjuba_Changamwe
Na mie nimepata imeli ya hakimiliki jana, ya Kiingereza, yasema nifungue faili niuone ushahidi, nina saa 48. Nifungue?

Zuhura_Mwembetayari
Usifungue!

Mhariri_Tudor
Usifungue. Andika studio.youtube.com kwa mkono wako, usipite kwenye linki ya imeli. Kama kweli umeandikiwa, video itakuwa na neno Copyright kwenye safu ya Restrictions. Kama hakuna, hiyo imeli ni ya mwizi wa akaunti. Na usiangalie jina la mtumaji tu, matapeli wamewahi kutumia huduma ya kushiriki video ili ujumbe utoke kwenye anwani ya YouTube yenyewe.

Mjuba_Changamwe
Studio haina kitu. Nimefuta imeli. Shukran.

KameraKisauni
Jama, meneja kapiga simu. Si mbaya. Asema hataki nyimbo mbili zionekane kwa sababu bado hawajazitoa rasmi, wakakuta watu wanazikata kutoka kwa video yangu na kuziweka TikTok. Ile ya tatu ni ya zamani, hana neno. Lakini ataka video hii iondoke, kisha niweke nyingine yenye hiyo moja tu. Nimemwomba aniandikie ruhusa, kasema atatuma kwa WhatsApp. Hiyo yatosha?

Ustadh_Bondeni
Maandishi ni maandishi, lakini ayataje mambo: jina la wimbo, jina la chaneli yako, na kwamba ni kwa YouTube.

Shabiki_wa_Sheria
Wimbo wa zamani meneja ndiye mwenyewe? Mtunzi je? Taarab nyingi mtunzi wa maneno ni mtu mwingine kabisa na kikundi ni waimbaji.

Mhariri_Tudor
Hapo Shabiki amegusa penyewe, na mie sijui jibu kwa wimbo huo. Muulize meneja maneno ni ya nani. Asipojua, ukiweka waweza kupata dai la Content ID kutoka kwa mwingine, ambalo tumeshaona si balaa, au ombi jingine, ambalo ni balaa. Ingekuwa mie ningeweka kesha bila muziki wa kikundi kwa YouTube, na familia ya Muscat ningewatumia nzima kwa njia nyingine.

KameraKisauni
Bibi mkubwa wa Muscat ataka kumsikia yule mwimbaji, ndiye aliyemtunza noti usiku ule. Nitamuuliza meneja habari ya mtunzi. Video ya zamani naifuta leo usiku, nikishahakikisha nakala ya diski inacheza.

Mhariri_Tudor
Ukishafuta, kesho yake rudi Studio uangalie ukurasa wa kwanza kama bado hauna kadi ya onyo. Na meneja mwambie vilevile aingie kwenye Studio yake, penye Removal requests, alifute ombi lake kwa akaunti ile ile aliyoombea.

Dijei_Likoni
Na mie mnitumie namba ya huyo meneja. Nina mchanganyiko wa nyimbo zao saa nzima uko juu tangu Ramadhani.